Mtoto kunyamaza mbele ya mgeni si dalili ya akili nzito

Orodha hizi zimesambaa sana kwenye simu za wazazi. ‘Dalili 10 za mtoto mwenye akili.’ ‘Mambo ambayo mtoto wa miaka mitatu anatakiwa awe anafanya.’ Mtoto amtazame mtu mzima machoni anapozungumza naye. Aeleze kwa maneno yake jinsi siku ilivyokwenda. Aulize maswali mengi. Aseme anachotaka yeye.

Mama wa Suguti, katika Musoma Vijijini, akiisoma orodha hiyo huku mwanawe amekaa pembeni, anaweza kupata wasiwasi. Mtoto wake anamsalimia mgeni ‘shikamoo’ macho yakiwa chini, kisha anakaa kimya mpaka aulizwe. Hasimulii habari za siku yake kwa mtu mzima. Lakini mtoto huyohuyo akitumwa kwa shangazi, nyumba ya tatu, kuomba chungio, anafika, anasema alichotumwa na anarudi nacho. Akiachiwa dagaa walioanikwa, anafukuza kuku bila kukumbushwa.

Je, mtoto huyu yuko nyuma? Swali hilo limewashughulisha wanasaikolojia kwa zaidi ya miaka 50, na sehemu kubwa ya majibu ilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki na jirani zake.

Orodha hizo zilitoka wapi

Mwaka 2008 mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Arnett, alichapisha hesabu ya watu waliofanyiwa utafiti katika majarida makubwa ya saikolojia ya nchini mwake. Alikuta kwamba asilimia 96 walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina takribani asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Miaka miwili baadaye Joseph Henrich na wenzake walionyesha kwamba watu hao wachache si mfano mzuri wa binadamu wote. Katika mambo mengi wao ndio wanaotofautiana zaidi na wengine.

Kwa mzazi maana yake ni rahisi. Orodha nyingi za ‘mtoto wa kawaida’ zimetokana na watoto wa miji ya Ulaya na Marekani, waliolelewa na mama na baba katika nyumba yenye watu wachache, na waliozoea kuulizwa na mtu mzima swali ambalo muulizaji mwenyewe anajua jibu lake. ‘Hii ni rangi gani?’ ‘Ng'ombe analiaje?’

Wataalamu huzigawa jamii kwa namna moja iliyozoeleka. Zipo jamii za ‘mimi’, ambako mtoto hulelewa ajitambue kama mtu wa pekee mwenye matakwa na maoni yake. Na zipo jamii za ‘sisi’, ambako hulelewa ajue kwanza yeye ni wa nani, anamheshimu nani na ana wajibu gani. Mholanzi Geert Hofstede aliupa mgawanyo huu namba katika kitabu chake cha mwaka 1980, akitumia majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM. Marekani ilipata 91, maana yake ‘mimi’ kwa wingi. Afrika Mashariki, iliyoongezwa baadaye, ilipata 27.

Namba hiyo ya 27 inataka tahadhari. Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia ziliwekwa kapu moja, na waliojibu walikuwa watu wa kampuni moja ya kompyuta. Hakukuwa na mvuvi wala mkulima wa mihogo. Inatuonyesha upande ambao upepo unavuma, lakini haitwambii lolote kuhusu mtoto mmoja katika nyumba moja. Kwa hilo ilibidi watafiti waende kuishi vijijini.

Kokwet: mtoto aliyejua mengi akasema machache

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Sara Harkness na Charles Super, mke na mume kutoka Marekani, walikwenda kuishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis magharibi mwa Kenya. Walikaa miaka mitatu wakiangalia watoto wanavyolelewa.

Walijaribu pia vipimo vya kawaida. Kimoja kilikuwa chepesi: mtu mzima anamsimulia mtoto hadithi fupi, kisha anamwomba airudie. Watoto wadogo wengi walisimama wakanyamaza. Kama mtu angehesabu alama tu, angeandika kwamba watoto wa Kokwet wako nyuma sana katika lugha na kumbukumbu.

Lakini Harkness na Super walikuwa wakiwaona watoto haohao nyumbani. Walikuwa wakielewa maagizo marefu, wakitumwa kwa majirani na wakilea wadogo zao. Mwaka 1977 wawili hao waliandika makala wakiuliza kwa nini watoto wa Kiafrika ni wagumu kupimwa. Walionyesha kwamba kasoro ilikuwa katika namna ya kupima, wala haikuwa kichwani mwa mtoto.

Walipochunguza mazungumzo ya mama na watoto wadogo, waliona kwamba sehemu kubwa ya maneno ya mama ilikuwa maagizo. Lete hiki, peleka kile, mwangalie mdogo wako. Mtoto mzuri ni yule anayesikia, anaelewa na kutenda. Jibu lake ni kazi aliyoifanya. Maneno mengi anayasema na watoto wenzake, huko wanakochezea. Kusimama mbele ya mtu mzima asiyemfahamu na kumwonyesha anavyojua kusema halikuwa jambo alilofundishwa, na kwa baadhi ya wazee lingekuwa utovu wa adabu.

Wakipsigis wenyewe walikuwa na neno kwa mtoto mwenye akili: ng'om. Wazazi walilitumia kwa mtoto anayewajibika na kusaidia bila kusukumwa. Walipotaka kusema juu ya akili za darasani waliongeza neno, wakasema ng'om en sukul, yaani mwenye akili ya shule. Kwao zilikuwa akili mbili, na mtoto angeweza kuwa na moja bila ya nyingine.

Kijiji hichohicho kilitoa somo la upande wa pili. Watoto wachanga wa Kokwet walikaa na kutembea takribani mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Zamani wageni walidhani watoto wa Kiafrika wamezaliwa hivyo. Super aliangalia zaidi akaona kwamba mama walikuwa wakiwafundisha. Walichimba kishimo kidogo, wakamkalisha mtoto na kumzungushia nguo asianguke. Walimshika mikono wakamtembeza kila siku. Katika mambo ambayo hawakuyafundisha, kama kutambaa, watoto hao hawakuwatangulia Wamarekani.

Kwa hiyo mtoto huwahi katika kile anachozoezwa. Ukimpima katika ulichomzoeza, yuko mbele. Ukimpima katika ulichokiacha, ataonekana amechelewa.

Waya, karatasi na udongo

Jaribio lililoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi lilifanywa na Robert Serpell, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Zambia. Mwaka 1979 alichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza. Aliwaomba watazame umbo fulani kisha waliige.

Walipopewa karatasi na kalamu, watoto wa Manchester waliwashinda wa Lusaka. Walipopewa waya wa kukunja, watoto wa Lusaka wakawashinda wa Manchester. Walipopewa udongo wa kufinyanga, ambao pande zote mbili waliuzoea, walikuwa sawa.

Kazi ya kichwa ilikuwa ileile: kuangalia umbo, kulikumbuka na kulitengeneza upya. Kilichobadilika ni kilichokuwa mkononi. Mzazi yeyote wa Suguti aliyewahi kuona mvulana akitengeneza gari la waya, lenye usukani unaopinda magurudumu, anajua Serpell alikuwa anazungumzia nini. Mvulana huyo ukimpa kalamu ya rangi kwa mara ya kwanza siku ya kupimwa, utamwona mzembe.

Bagamoyo: saa moja iliyobadilisha mpangilio

Tanzania nayo ina utafiti wake. Robert Sternberg wa Marekani, pamoja na watafiti wa Tanzania na kwingineko, walifanya kazi na wanafunzi wa shule za vijijini karibu na Bagamoyo, wenye umri wa kati ya miaka 11 na 13. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002.

Watoto walipewa michezo ya kufikiri. Kwa mfano, kupanga kadi kwa kanuni ambayo hawakuambiwa, au kukisia kitu kwa kuuliza maswali yasiyozidi 20. Baada ya kupimwa, kundi moja la watoto 358 lilifundishwa kwa muda usiofika saa moja namna ya kuishughulikia michezo hiyo. Kundi la pili la watoto 100 halikufundishwa. Kisha wote wakapimwa tena.

Waliofundishwa walipanda. Lakini jambo la kuangaliwa zaidi ni mpangilio wao. Katika kundi ambalo halikufundishwa, aliyekuwa juu alibaki juu na aliyekuwa chini alibaki chini kwa kiasi kikubwa. Katika kundi lililofundishwa, mpangilio ulivurugika. Baadhi ya watoto waliokuwa mkiani walipanda sana.

Maana yake, kipimo cha kwanza kilikuwa kimepima kwa sehemu kubwa nani ameshawahi kukutana na michezo ya namna ile. Hakikuonyesha vizuri nani anaweza kujifunza. Mwalimu ambaye angewagawa watoto katika mikondo kwa kutumia alama za siku ya kwanza, angewaweka wengi mahali pasipo pao.

Lakini ‘sisi Waafrika’ ni akina nani?

Hapa msomaji anaweza kuishia na jibu la haraka: vipimo vyao ni vyao, sisi tuna vyetu. Jibu hilo nalo lina shimo.

Mwaka 1997 Vaunne Ma na Thomas Schoeneman walichapisha utafiti uliotumia zoezi rahisi. Mtu anapewa sentensi inayoanza na ‘Mimi ni…’ na anaimalizia mara 20. Mmoja ataandika ‘Mimi ni mpole, mimi ni mwerevu.’ Mwingine ataandika ‘Mimi ni mtoto wa fulani, mimi ni wa ukoo fulani.’ Majibu ya aina hii ya pili, yanayomweka mtu ndani ya kundi lake, ndiyo waliyoyahesabu.

Kwa wanafunzi wa chuo nchini Marekani yalikuwa asilimia 12. Kwa Wasamburu wa Kenya yalikuwa asilimia 84, na kwa Wamasai asilimia 80. Mpaka hapo hadithi ya ‘mimi’ na ‘sisi’ inakwenda sawa. Lakini wafanyakazi wa Nairobi walipata asilimia 58. Na wanafunzi wa chuo kikuu Nairobi walipata asilimia 17, karibu sawa na Wamarekani.

Wote hao ni Wakenya. Tofauti ya mwanafunzi wa Nairobi na Msamburu ilikuwa kubwa kuliko tofauti yake na Mmarekani. Shule, mji na kazi vinambadilisha mtu anavyojiona, wakati mwingine katika kizazi kimoja.

Hivyo hata matokeo ya Kokwet hayawezi kuchukuliwa mazima na kubandikwa Suguti. Wakipsigis walikuwa wakulima na wafugaji wa nyanda za juu miaka ya 1970. Suguti iko kando ya Ziwa Victoria, kuna uvuvi, kuna shule, kuna simu, na nyumbani mtoto anaweza kusikia Kisuguti, Kijita na Kiswahili kwa siku moja. Mtoto wa mwalimu na mtoto wa mvuvi wanaokaa jirani wanaweza kuwa wamezoezwa mambo tofauti kabisa. Kinachohamishika kutoka Kokwet ni swali lenyewe: mtoto huyu amezoezwa nini, na je, kipimo hiki kinamwuliza hilo?

Namna ya kutofautisha

Chukua mfano wa mtoto wa miaka minne ambaye ameanza darasa la awali, na mwalimu amemwambia mama kwamba ‘hajui kitu’. Aliulizwa rangi akanyamaza. Alionyeshwa picha ya friji akanyamaza. Aliambiwa asimulie alichofanya jana akatazama chini.

Kabla ya kukubali au kukataa, mzazi anaweza kubadilisha jambo moja moja na kuangalia kinachotokea.

La kwanza ni lugha. Mtoto aulizwe jambo lilelile kwa lugha anayoongea na bibi yake. Kama anajibu kwa Kisuguti kile alichonyamazia kwa Kiswahili, tatizo ni lugha ya darasani, na hilo hurekebishika kwa muda na mazoezi.

La pili ni mtu. Aulizwe na dada yake au mtoto mwenzake, mtu mzima akiwa mbali kidogo. Watoto wengi wanaonyamaza mbele ya mwalimu husimulia bila kuchoka wanapokuwa na wenzao. Kama ndivyo, mtoto anajua kusimulia. Hajajua tu kwamba kwa mwalimu, tofauti na kwa babu, kunyamaza hakuchukuliwi kuwa heshima. Hilo inabidi aambiwe wazi: shuleni ukiulizwa unajibu, na mwalimu hatakuona huna adabu.

La tatu ni kitu chenyewe. Friji ibadilishwe na sufuria, vipande vya plastiki vibadilishwe na maharage na vizibo vya chupa. Atenge maharage mekundu upande mmoja na ya njano upande mwingine. Kama anatenga bila kukosea, macho na akili vinaona rangi. Anachokosa ni majina yake tu.

Baada ya hapo kuna kipimo ambacho bibi wamekitumia siku zote: kutuma. Agizo lenye hatua mbili, kwa mfano, ‘Nenda ndani uchukue kikombe, umpelekee babu,’ linapima kusikia, kuelewa, kukumbuka na kutenda kwa mpangilio. Mtoto wa miaka minne anayelikamilisha bila kuonyeshwa kwa kidole ameonyesha mengi ambayo karatasi ya darasani haikuyaona.

Lakini ikiwa mtoto hajibu kwa lugha yoyote, kwa mtu yeyote, na haelewi agizo hata nyumbani, hapo utamaduni hauhusiki. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto asiyegeukia sauti, asiyetoa sauti za kubwabwaja akikaribia mwaka, au aliyekuwa akiongea au kutembea kisha akaacha. Huyo apelekwe kituo cha afya mapema, na masikio yake yapimwe. Kusema ‘ni mpole tu, hata baba yake alikuwa hivyo’ kumewachelewesha watoto wengi ambao hawakuwa wakisikia.

Kuna mambo ya mwili ambayo mipaka yake inajulikana. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likaona kwamba mtoto mwenye afya anaweza kuanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Katika utafiti huohuo, watoto wapatao wanne kati ya kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, na bado walitembea. Kwa hiyo kutotambaa peke yake si tatizo. Kufikisha miezi 18 bila kutembea ni sababu ya kwenda kliniki, uwe Suguti au Oslo.

Vipimo vilivyotengenezwa karibu na nyumbani

Watafiti wa Afrika hawakuishia kulalamika. Kilifi, pwani ya Kenya, kilitengenezwa kipimo cha makuzi ya watoto wa miezi 6 hadi 35, na mmoja wa waliokisimamia ni Amina Abubakar, mtafiti wa pwani hiyohiyo. Malawi nayo ilitengeneza chake, kilichochapishwa mwaka 2010 baada ya kujaribiwa kwa watoto 1,426. Watengenezaji waliyatoa maswali ambayo watoto wa huko hawakuyaelewa, wakaweka vitu vinavyopatikana nyumbani. Mtoto akilinganishwa, analinganishwa na watoto wa Malawi wenye afya, si na watoto wa London.

Mzazi anayeletewa matokeo ya kipimo chochote, kiwe cha shule, cha kliniki au cha kwenye simu, ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya kumwita mwanawe mjinga. Kilitengenezwa kwa kupima watoto wa wapi? Mtoto aliulizwa kwa lugha gani? Na je, alionyeshwa kwanza namna ya kufanya, kama watoto wa Bagamoyo, au alipewa mara moja akaandikiwa alama?

Kama jibu la la tatu ni kwamba hakuonyeshwa, mwalimu aombwe amwonyeshe, kisha ampime tena wiki inayofuata. Alama za mara ya pili ndizo zenye habari zaidi.